Lebo Zilipogoma Siku ya Vifaranga

Alhamisi ni siku ya vifaranga. Kufikia saa mbili asubuhi, duka letu pale Embu mjini huwa lina kelele kushinda bunge na kanisa la uamsho vikiwekwa pamoja. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kompyuta wa duka hilo. Nilikuwa idara nzima, mkuu wake na mfagiaji wake.

Mambo yalikwenda hivi: mkulima analipa kwa simu, kampuni ya malipo inaitumia seva yetu ujumbe kwamba fulani amelipa, mashine inatoa lebo, na dada wa kaunta anaibandika kwenye sanduku la vifaranga. Ujumbe huo sisi watu wa kompyuta tunauita webhook. Bila lebo, sanduku halivuki mlango. Bosi aliweka sheria hiyo baada ya jamaa mmoja kumwonyesha SMS ya uongo na kuondoka na vifaranga akipiga mluzi.

Alhamisi hiyo, saa tatu na nusu, mashine ilikuwa haijatoa hata lebo moja.

"Injinia," dada wa kaunta akaniita, na anaponiita hivyo najua nina makosa. "Mashine yako imefunga na kuomba?"

Mbele yake alisimama mama mmoja kutoka Kianjokoma, simu mkononi. Alikuwa amewasha jiko kwenye banda tangu alfajiri ili vifaranga wake mia moja wapate joto wakifika.

"Nimelipa, mwanangu. Si ujumbe huu hapa?"

"Mama, SMS hata mimi naweza kuandika," dada akasema. "Nangoja lebo."

Nilifungua kumbukumbu za seva. Kila ujumbe ulikuwa umekataliwa kwa sababu moja: sahihi hailingani. Kampuni huchukua ujumbe kama ulivyo, herufi kwa herufi, ikaupigia hesabu pamoja na neno la siri tunalolijua sisi wawili, ikapata mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Hiyo ndiyo sahihi. Seva yetu hupiga hesabu ileile, na majibu yakipishana, inaukataa ujumbe kama uliochezewa njiani.

Nililikagua neno la siri mara elfu kumi. Lilikuwa sawa. Nikaizima seva, nikaiwasha. Nikakaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Jasho langu lingemwagilia migomba yote mpaka Runyenjes.

Bosi alipiga simu kutoka Kiirua, alikokwenda kuchukua mayai ya kutotoa, nami nikamweleza kwamba ukaguzi wa sahihi unakataa malipo yote. "Zima huo ukaguzi! Vifaranga watanifia kwenye masanduku!"

"Nikizima, bosi, yeyote anayejua anwani ya seva yetu ataandika kwamba amelipa, na mashine itamtolea lebo."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo nipe nusu saa."

"Nusu saa, halafu unazima. Sikuulizi tena."

Mama alikuwa ameinama, sikio kwenye sanduku. "Hawa wameanza kunyamaza," alisema, bila kumlaumu mtu. Heri angenitukana.

Nikaweka ujumbe mmoja kwenye skrini na kuhesabu urefu wake. Kampuni ilisema imetuma herufi mia tatu na sita. Zilizofika kwenye ukaguzi zilikuwa mia tatu na nne. Mbili zimekwenda wapi? Nikasoma polepole, kidole kwenye skrini, mpaka nikafika kwenye nambari ya simu. Ilianza na 07.

Nikajipiga kofi la paji la uso ambalo nadhani lilisikika Meru.

Jana yake dada alikuwa amelalamika kwamba nambari za simu zinazoanza na 254 kwenye lebo zinamtia kizunguzungu. Nami, mtu wa huruma, niliandika mstari mmoja wa kugeuza 2547 kuwa 07, nikauweka mlangoni kabisa mwa seva, kabla ya kila kitu. Kampuni ilitia sahihi ujumbe mmoja, sisi tukakagua mwingine. Aliyeuchezea ujumbe nilikuwa mimi mwenyewe.

Nikauhamisha mstari. Sasa sahihi inakaguliwa kwanza, kwenye ujumbe kama ulivyofika, bila kuguswa. Nambari inafupishwa baadaye, wakati wa kuandaa lebo tu.

"Imepona?" dada akauliza.

"Tungoje. Kampuni ikikataliwa, hutuma tena."

"Saa ngapi?"

"Ikipenda."

Tukangoja. Niliitazama mashine mpaka nikaanza kuiona ikipumua. Bosi alipiga tena, sikushika. Zilikuwa zimebaki dakika nne kati ya thelathini alizonipa mashine ilipokohoa, ikakohoa tena, ikatema lebo nane mfululizo. Ya mama ilikuwa ya tatu.

Dada aliibandika. Mama alifungua kifuniko kidogo, akaingiza kidole, na kelele zikaanza upya, hafifu lakini nyingi. Alipiga simu nyumbani papo hapo, kwa Kiembu, akisema maji yatiwe glukosi na jiko liongezwe makaa, anakuja. Sanduku likiwa kifuani, alitoka mbio bila kuniaga.