Rilei Iliyokubali Upesi

Tangu Jumatatu rilei ya usalama, swichi inayosimamisha mashine penye hatari, haikugoma hata mara moja, na ukimya huo ndio uliomkosesha raha fundi umeme wa kiwanda cha maboksi. Miezi mitatu mizima ilikuwa ikigoma kila wiki. Kitufe chekundu cha dharura kina kontakti mbili, sehemu zinazokata umeme kikibonyezwa, na kila moja ina njia yake ya waya mpaka kwenye rilei. Njia moja ikikatika na nyingine isikatike, mashine husimama na rilei hukataa kuwashwa upya. Fundi aliomba kitufe kipya. Kitufe hakikuja. Kugoma tu ndiko kulikokwisha.

Wifi yake, mke wa kaka yake, ndiye aliyelisha karatasi kwenye mashine hiyo ya kukatia.

"Wifi, unaichunguza kama mume aliyechelewa kurudi," alimtania.

"Toa mikono yako hapo kwanza."

Fundi alizima mashine, akafungua kitufe na kuchomoa waya mmoja wa njia ya pili. Kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia upya. Taa ya kijani ikawaka. Rilei ilipaswa kukataa.

Mhandisi wa kiwanda alikuja na fomu ya ukaguzi na kalamu, akitabasamu.

"Weka sahihi, dada. Tunanunua PLC ya usalama, ile kompyuta ndogo ya kusimamia mashine, mambo ya rilei yatakwisha."

"Mashine moja, kitufe kimoja, mlango mmoja. Rilei inatosha. PLC ungeileta kama tungekuwa na mstari mzima wa mashine zinazotegemeana. Hapa nimechomoa waya, na rilei imewaka."

"Ndiyo maana nasema PLC! Ile hutuma mapigo tofauti kila njia. Mtu akiziunganisha njia mbili ndani ya kabati, inamnasa palepale."

Fundi alimtazama. Yeye mwenyewe alikuwa amesema tu kwamba amechomoa waya na rilei imewaka. Kabati la umeme lenye rilei lilikuwa bado limefungwa, na funguo zake zilikuwa mbili: yake na ya mhandisi.

"Nani kakwambia zimeunganishwa?"

Mhandisi akaibofyabofya kalamu. "Nasema kwa mfano."

Fundi alikata umeme, akafungua kabati. Kipande cha waya wa buluu, kifupi kama kidole, kiliunganisha njia ya kwanza na ya pili. Kontakti moja ndiyo iliyokuwa ikijibu kwa niaba ya zote mbili. Hiyo moja nayo ikinata siku moja, kitufe kingebonyezwa bure.

"Ilikuwa ya muda tu," mhandisi alinong'ona. "Oda zilikuwa zinatuandama. Nitakuandikia barua ya onyo ukisimamisha kazi."

"Iandike."

Fundi alikitoa kipande cha waya, akafunga swichi kuu kwa kufuli lake mwenyewe, na kwenye fomu akaandika: isiwashwe mpaka kitufe kibadilishwe.

Wifi hakuwa akitania tena. Alikuwa ameiweka mikono yote miwili kwapani, kama mtu anayesikia baridi.

"Tangu Jumatatu nimekuwa nikilisha karatasi hivyo, wifi?" aliuliza.