Soksi ya Efraimu na Video za Kwaya

Efraimu Mgaya, muuza mbao na mwimba besi wa kwaya yetu hapa Makambako, ni mbishi tangu shule ya msingi. Mwezi uliopita alikwenda kumwona mteja Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Kwa kuogopa gharama za nje, aliitia simu kwenye soksi, akaifunga kwa mpira, na kwa siku tatu hakuigusa.

Bili ilipokuja alitinga duka la mtandao wa simu, soksi mkononi kama kielelezo cha mahakamani.

"Dada, simu haikutoka humu."

Juliana, binti wa kaunta, akatazama kompyuta yake. "Laini yako ya malipo ya baadaye ina romingi, baba, na data uliiacha imewashwa. Umetumia intaneti ya Zambia siku zote tatu."

"Nimetumia saa ngapi, nayo imo kwenye soksi?"

Juliana akamfungulia WhatsApp. Video sitini na mbili za mazoezi ya kwaya zilikuwa zimejipakua zenyewe humo humo. Akamwonyesha pa kuzima romingi ya data, na pa kuzuia video zisijipakue.

Mtu mwenye akili angeshukuru akaenda zake. Efraimu alisimama mlangoni, akajirekodi video ya dakika kumi na nne akitukaripia sisi tunaotuma video, akaitupa kwenye kundi la kwaya.

Ilinifikia Nakonde, nilikokwenda kununua vitenge. Laini yangu ni kama yake.