Cherehani Juu ya Rikwama

Enzi za Mwingereza, pale Temeke, shangazi yangu alikuwa na biashara ya maandazi. Aliwapa wanawake wawili wakauze, nao waliwapa wengine. Kila andazi lililoliwa, wote walipata chochote, na shangazi juu yao. Kwa hiyo bwana mmoja wa tarbushi alipoleta chama cha mafuta ya nywele, shangazi alisema, "Mbona ni kama yangu tu!"

Kiingilio cha kuwa wakala kilikuwa kikubwa. Akaamua kuuza cherehani, ile ninayoshonea mimi. Mteja alikwisha kuleta rikwama, na cherehani ilikuwa juu yake, nje ya mlango wa uani kwetu. Mimi ni mwenye haya, kumwambia asiuze sikuweza. Nikapanda nikakaa kando ya cherehani, nikajifanya nafunga kamba.

Uani mawakala walijaa, vichwa vinang'aa. Jirani zetu wawili walikuwa wakibadilishana chupa: huyu akinunua ya yule kwa heshima, yule akinunua ya huyu. Nilicheka peke yangu. Shangazi akaniona.

"We, unacheka nini huko? Sema!"

Watu wote wakageuka. Sauti ikanitoka nusu. "Shangazi... maandazi yako wanakula makuli wa bandarini. Haya mafuta anapaka nani asiye wakala?"

Kila mmoja alimtazama mwenzake kichwani.

Bwana wa tarbushi akacheka. "Kijana ana haya, lakini ana maneno!"

Shangazi hakucheka. "Shikamoo, bwana mkubwa. Nikiuza chupa zangu zote, nisilete mtu hata mmoja, napata nini?"

"Marahaba, mama. Thumni kwa chupa."

"Nikileta mtu, nisiuze hata chupa?"

"Hapo ndipo utamu ulipo! Robo ya kiingilio chake. Na akileta mtu naye, unapata tena!"

"Na wakikosekana watu wapya?"

"Hawakosekani. Temeke kubwa, mama."

"Kubwa, lakini mtaa mzima uko hapa uani kwangu." Akawatazama wale wanawake wake wa maandazi. "Mie sikuwahi kumtoza mtu kiingilio. Andazi lisilouzwa wananirudishia, tunalila wenyewe. Hela yangu inatoka kwa mwenye njaa. Yako inatoka kwa huyu anayeingia mlangoni."

Yule mteja mwenye rikwama akauliza kama tunaondoka au hatuondoki.

"Shusha cherehani," shangazi akasema. "Na wewe shuka, umekalia nini?"

Mawakala wakaanza kudai viingilio vyao, wote kwa pamoja. Bwana wa tarbushi akainuka upesi, na koti lake likanasa kwenye msumari wa mlango, likachanika mpaka kwapani. Hakuweza kwenda mjini hivyo. Nikamshonea palepale, huku wamemzunguka.

Nilipomaliza, alitia mkono mfukoni, akanipa chupa ya mafuta.

"Hapana, baba," nikasema, na safari hii sauti ilitoka. "Mimi si wakala."