Mabomba Mawili na Tangi Lililofurika

Mimi kwa tabia ni mtu wa kushuku. Mwenzangu wa hesabu, katika shule tunayofundisha Gahanga, alipoingia ofisi ya walimu na karatasi mbili za mtihani, nilizishuku kabla hajafungua mdomo.

"Mwalimu, hawa wasichana iko wanaibiana," akasema. "Dawati moja, jibu moja, na yote ni mbovu. Leo wanarudi nyumbani, waje na wazazi. Mtihani wote sifuri."

Swali alilitunga yeye. Bomba la kwanza hujaza tangi kwa saa nne, la pili kwa saa sita. Yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa baada ya muda gani? Wasichana wote wawili walikuwa wameandika saa mbili na dakika ishirini na nne. Mwongozo wake wa kusahihishia ulisema saa mbili na dakika arobaini.

Nilikaribia kukubaliana naye. Makosa mawili yanayofanana mpaka kwenye dakika hayatoki hewani. Lakini naye nilimshuku, maana alikuwa na haraka mno, sijui ya nini. Nikavuta kalamu.

Kwa saa moja bomba la kwanza hujaza robo ya tangi, la pili sehemu moja ya sita. Pamoja ni sehemu tano kati ya kumi na mbili. Nikazidisha kwa muda wake, saa mbili na theluthi mbili. Ikaja tisa ya kumi... hapana, kumi juu ya tisa. Tangi limejaa na maji yanamwagika chini. Nikazidisha kwa muda wa wasichana. Ikaja moja kamili.

"Kikokotoo kilikupa 2.4," nikamwambia, "nawe ukaisoma kama saa mbili na dakika arobaini. Nne ya kumi ya saa ni dakika ishirini na nne."

Akacheka, akajipiga paji la uso. "Eh, mzee, nilichoka tu. Basi, wapewe alama zao."

Nikafurahi kwa ajili ya wale watoto, nikamwambia alete karatasi zote tusahihishe swali hilo upya. Hapo kicheko kikakatika. Akasema atafanya mwenyewe. Nikaenda mezani kwake, nikazichukua.

Darasa zima, karatasi moja tu ilikuwa na tiki katika swali hilo. Ilikuwa ya mwanawe. Saa mbili na dakika arobaini, safi, bila mstari mmoja wa hesabu juu yake.

"Amekosea kama baba yake," akasema upesi. "Iko damu, sindiyo?"

"Labda," nikasema. "Lakini wewe ulipata kwanza 2.4, ndipo ukaisoma vibaya. Yeye 2.4 yake iko wapi?"

Akaigeuza karatasi nyuma, akaigeuza tena mbele. Kisha akakaa.