Asilimia Tisini na Nane ya Mama Vichwa

Ukitaka kumkera Mama Vichwa, mwambie kwamba kuandika kichwa cha habari ni kazi rahisi. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye dawati la wahariri akikata maneno ya watu kama fundi anayepunguza suruali, mpaka habari ya kurasa mbili ikaingia kwenye maneno sita. Jina hilo alipewa na wachapishaji, na likamganda. Gazeti lilipofungwa, wenzake walikwenda kufuga kuku na kuandika hotuba za wakubwa. Yeye, na umri wake wa miaka arobaini na tisa, akajiandikisha chuo kusomea shahada ya uzamili. Jamani, watu walicheka! Aliwaacha wacheke.

Utafiti wake ulikuwa hivi. Achukue vichwa mia sita na arobaini vya kurasa za mbele vilivyohusu wanawake waliofanyiwa ukatili, kutoka magazeti manne, likiwemo lile lake marehemu. Kila kichwa akipe namba kulingana na nani anabebeshwa lawama. Moja, lawama kwa aliyetenda. Mbili, lawama kwa aliyetendewa. Tatu, hakuna anayelaumiwa. Halafu ahesabu. Basi, hakuna ushairi hapo. Msimamizi wake, ambaye wote walimwita Daktari tu, kijana mwenye miwani ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, alimwambia kanuni mapema: kila kichwa kiwe na namba moja tu, kisikose namba, na watu wawili wakisoma mwongozo uleule wafike kwenye namba ileile bila kuambiana. Wasipofika, unachopima si magazeti. Unapima watu wako.

Mama Vichwa aliandika mwongozo kwa siku tatu na akaupenda sana. Namba mbili aliieleza hivi: "Kichwa kinasema waziwazi kwamba aliyetendewa ndiye mwenye kosa." Waziwazi! Alilipigia mstari neno hilo. Yeye hakutaka porojo za watu wanaosoma lawama hata kwenye tangazo la sabuni.

Sasa alihitaji msimbaji wa pili, yaani mtu wa kutoa namba pamoja naye. Mbona mbali? Alikuwa na mkwe. Binti mpole, amemaliza sekondari, mwandiko safi, anaishi naye nyumba moja, na tangu aolewe na mwanawe hajawahi kumjibu kwa sauti ya juu. Chuo kizima hakikuwa na mtu wa aina hiyo.

Wakakaa meza moja, bega kwa bega, na vichwa mia moja vya majaribio.

"Hiki mimi nakiona tatu," anasema Mama Vichwa, kalamu tayari. "Wewe je, mwanangu?"

"Tatu, mama."

"Hata mimi nilijua utasema tatu. Una jicho."

Wakaenda hivyo mpaka mia. Tatu, mama. Moja, mama. Tatu, mama. Walipolinganisha, walikuwa wameafikiana mara tisini na nane. Mama Vichwa alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia dirishani. Akaingiza hesabu kwenye ile kapa, kipimo kinachoondoa makubaliano ambayo yangetokea kwa kubahatisha tu, ikampa sifuri nukta themanini na nane. Wenzake darasani walikuwa wanalilia sabini! Na haraka alikuwa nayo: idara ilikuwa na nafasi moja ya mhadhiri msaidizi, na ingepewa mwanafunzi wa kwanza atakayewasilisha tasnifu kabla mwezi haujaisha. Zilibaki siku kumi na nane. Kwa mwanamke aliyepoteza kazi akiwa na nywele za mvi, nafasi hiyo ilikuwa ndiyo mlango wa mwisho, na alijiona tayari ameshika kitasa.

Daktari aliitazama karatasi muda mrefu.

"Mama, huyu msimbaji wa pili ni nani?"

"Mkwe wangu."

"Mke wa mwanao."

"Huyohuyo."

"Na mmeafikiana asilimia tisini na nane." Alivua miwani akaifuta. "Mama, mimi nina mke na nina mama. Hawajawahi kuafikiana hata kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Mlikaa wapi mkifanya?"

"Mezani kwangu. Pamoja."

"Na hizi mbili mlizotofautiana, ilikuwaje?"

Hapo Mama Vichwa ilibidi afikirie. Kumbe ni pale alipoinuka kwenda kupokea simu, na binti akajaza viwili peke yake.

Daktari hakucheka, na ndicho kilichomuudhi zaidi. "Mama, hukupima vichwa. Umepima heshima, na heshima iko vizuri, hongera. Leteni vichwa vingine mia, kila mtu chumba chake, hakuna kusemezana. Na mwenye kuandika mwongozo kuwa msimbaji wake mwenyewe, hilo nalo linanitia shaka."

Basi Mama Vichwa alitoka pale amefura. Kijana mdogo kumfundisha yeye heshima! Lakini alifanya. Alhamisi asubuhi yeye akafungiwa kwenye chumba cha semina, mkwe akafungiwa kwenye stoo ya viti vibovu, na Daktari akakaa kwenye korido kama askari wa zamu. Saa mbili baadaye akakusanya karatasi, akajumlisha mbele yao.

Mara sabini na nne tu walikuwa wameafikiana. Mama Vichwa akashusha pumzi. Sabini na nne si haba. Daktari akatikisa kichwa. Vichwa vingi mno vilikuwa tatu, kwa hiyo hata mtu anayejaza akisinzia angeafikiana na mwenzake mara sitini na tano. Ukiondoa bahati hiyo, kapa ilibaki sifuri nukta ishirini na sita. Kwa lugha ya mtaani, mwongozo wake mtukufu ulikuwa umetoka kapa.

"Sasa tazama hapa," Daktari alisema. Tofauti zilikuwa ishirini na sita, na ishirini kati ya hizo zilikuwa za aina moja: mama ameandika tatu, mkwe ameandika mbili.

"Hajaelewa mwongozo," Mama Vichwa alisema. "Nilisema waziwazi. Mwanangu, nilisema waziwazi au sikusema?"

"Ulisema, mama," binti alijibu, macho sakafuni.

"Basi hebu tuone. Hiki hapa: 'Mke Apigwa Hadi Kuzimia kwa Kuchelewa Kupika.' Lawama iko wapi? Kinaeleza sababu tu."

Hakungoja jibu. Mama Vichwa akageukia kingine, akitaka kummaliza kabisa. "Na cha thelathini na saba: 'Mwanafunzi Ashambuliwa Akirudi Peke Yake Jioni.' Kuna neno kosa hapo? Kuna neno uzembe?"

"Hakuna, mama."

"Sasa mbili umeipata wapi?"

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Binti aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamtazama mama mkwe wake machoni.

"Siku kilipotoka hicho, mama yangu alikisoma mara mbili. Akaniambia, unaona? Peke yake. Jioni. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni ya uhasibu, nimebakiza mihula miwili. Kesho yake akanitoa. Hakuna aliyeniambia aliyemshambulia yule msichana alikuwa nani, mama. Hayumo kwenye kichwa. Kilichomo ni yeye, na kutembea kwake."

Daktari alijishughulisha na miwani. Mama Vichwa alikuwa ameshika ile karatasi, na maneno sita yalikuwa yanamtazama. Aliyajua. Alikumbuka hata ile siku: habari ilikuwa na jina la mshambuliaji, dereva mmoja aliyekamatwa palepale, lakini jina lake lilikuwa refu, halikutosha kwenye safu. Akalikata, akaweka maneno "Peke Yake Jioni" kwa sababu yalikaa vizuri. Wachapishaji walimsifu. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amekaa miaka kumi na tisa juu ya lake.

Aliona aibu, aibu ya kweli. "Kwa nini hukuniambia pale mezani?"

"Ningekuambiaje? Wewe ndiye mama."

Walirudi nyumbani. Mama Vichwa alipiga hesabu zake. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na mbili. Zile tisini na nane bado zilikuwa kwenye karatasi, safi, na hakuna mtahini ambaye angeuliza nani alikaa na nani. Angeweza hata kumketisha binti kesho, amweleze "vizuri zaidi" maana ya waziwazi, na binti angesema tatu, mama. Alijua kabisa angesema. Hilo ndilo lililomnyima raha.

Asubuhi akafuta waziwazi. Akaandika upya: "Mbili: kichwa kinataja tendo, mavazi, saa au mwenendo wa aliyetendewa kana kwamba ndio ulioleta madhara, hata kama neno kosa halimo. Kikigusa pande zote mbili, kipe namba ya upande unaotajwa kuwa sababu." Chini yake, kwenye mfano, akaweka cha thelathini na saba. Halafu akajitoa kwenye usimbaji, maana baadhi ya vichwa alivizaa yeye, akamtafuta mwalimu wa hesabu wa mtaa wa pili, mtu mkavu asiyemwogopa yeyote. Mwalimu na mkwe wakafundishwa mwongozo kwa vichwa ambavyo havikuwa vya jaribio, wakabishana wiki nzima, maneno yaliyowatatiza yakarekebishwa, kisha wakapewa mia vipya, kila mmoja nyumbani kwake. Kapa ikatoka sifuri nukta themanini na mbili. Ndipo wakagawana vile vilivyobaki. Mwezi ulikuwa umekwisha zamani. Ile nafasi alipewa kijana mmoja aliyepima matangazo ya simu, msimbaji wake wa pili akiwa mchumba wake, na kapa yake ilikuwa nzuri ajabu.

Kwa hesabu ya mwisho, namba mbili zilikuwa mia moja thelathini na tisa. Hamsini na nane zilitoka kwenye gazeti moja, lile lililofungwa, na gazeti hilo lilikuwa limechangia vichwa mia na sitini tu.

Siku ya utetezi wa tasnifu, mtahini wa nje, mzee mcheshi mwenye tai, alifungua ukurasa wa mfano akasoma kwa sauti. "Mwanafunzi ashambuliwa akirudi peke yake jioni. Naona bado mnaficha majina ya wahariri. Ni maadili ya utafiti, sawa. Lakini kati yetu, huyu aliyeandika hiki, alikuwa mjinga au alikuwa mkatili?"

Watu wakacheka. Mkwe wake, aliyekaa nyuma kabisa, hakucheka.

"Hakuwa mjinga," Mama Vichwa alisema. "Alijua jina la mtu aliyeshambulia. Lilikuwa refu, akalikata. Ni mimi."

Kicheko kikakatika. Mtahini akatafuta kalamu yake mezani, ingawa alikuwa ameishika mkononi.