Shukrani Iliyopitia kwenye Migomba

Sisi tuliokulia kwenye milima ya Masisi enzi zile sabuni ikikatwa kwa uzi, harusi hatukuipima kwa magari. Tuliijua kwa harufu. Pombe ya ndizi ikianza kunukia nyuma ya nyumba na maharage mapya yakichemka, watoto tulisuguliwa masikio hadi yakawaka, maana mama zetu waliamini uchafu wote wa dunia hujificha huko.

Nilikuwa bado mdogo dada yangu Furaha alipoolewa na Anselme, seremala kutoka msituni Walikale. Asubuhi padri aliwafungisha ndoa misheni, mchana tukarudi uani kwetu kula. Lakini kwetu kazi ya padri ilikuwa nusu tu. Bwana arusi alipaswa kusimama mbele ya wakwe, kofia mkononi, amshukuru kila mmoja kwa jambo alilolitenda: baba kwa kukubali, baba wadogo kwa kubeba maneno, mjomba kwa baraka, mama kwa kulea, shangazi kwa kufunza. Akimaliza, baba hunywa pombe kwa mrija, kisha humpa mkwe mrija uleule, na binti huruhusiwa kuondoka. Mrija usipotolewa, binti analala kwao.

Anselme alisimama. Mwanaume mrefu, mbebaji wa magogo, lakini kofia aliizungusha mikononi bila kukoma. Mimi nilikaa miguuni pa dada, nimeshika upindo wa kitenge chake.

“Papa, minashukuru,” alianza. “Nilikuya hapa muntu wa mbali, hamukuniuliza kama kwetu kuko barabara. Mulinipatia kiti.”

“Ashukuru,” watu wakaitikia.

Akawashukuru baba wadogo, waliofika hadi kwao msituni na kurudi na matope hadi magotini. Akamshukuru mjomba. Kisha akamgeukia shangazi: “Shangazi, ulimufundisha Furaha kupokea wageni. Mimi njo nilikuwa mugeni mwenye kusumbua sana.” Tukacheka, naye akaketi, anajifuta jasho.

Kicheko kikafa chenyewe. Mama alikuwa akitazama mikono yake. Baba aliuweka mrija chini taratibu.

“Na mwenye alibeba mimba?” shangazi akauliza. “Ao Furaha tulimuokota mu shamba?”

Kaka yake Anselme akainuka haraka. “Mutusamehe, bakubwa. Mu jamaa yetu, mukwe hasemi na mama mukwe uso kwa uso. Alinyamaza juu ya heshima.”

“Na kwetu,” shangazi akajibu, “kunyamaza njo kukataa.”

Hapo kila upande ulikuwa na haki, na maharage yalikuwa yanapoa. Furaha aliniminya bega hadi likauma. Niliogopa kweli, maana nilimpenda dada, na nilimwona anavyoutazama ule mrija.

Anselme akainuka tena. Alitembea hadi ukingo wa uwanja, akatugeuzia sote mgongo, akasimama mbele ya migomba.

“Migomba,” akasema, na sasa kofia ilitulia mkononi, “ninyi mulimuona ule mama, Furaha ku mugongo, jembe ku mukono. Mumuambie minashukuru. Njaa ikikuya, Furaha atakula wa kwanza, mimi nyuma. Na akifanya kosa, sitamupiga. Nitamuleta hapa, tuongee.”

Uwanja mzima ukamgeukia mama. Alijipangusa macho kwa pindo la kitenge, akageukia migomba naye.

“Migomba, mumuambie nimesikia. Mumuambie tena, Furaha hapendi kuamushwa na kelele.”

Baba alicheka hadi akakohoa. Akanywa, akamnyooshea Anselme mrija.

Tangu siku ile, kila alipotutembelea, Anselme aliweka kibuyu cha asali chini ya migomba na kuisalimu. Mama, jikoni, aliijibu migomba. Watoto tukaona njia imefunguka, tukawa tunaituma migomba kwa mama imwambie tuna njaa. Jibu lilikuja kwa kofi la matako.

Juzi mjukuu wangu alioa. Aliisoma hotuba kwenye simu, mwanga wake ukimulika kidevu, akawashukuru “wote bila kumsahau mtu”, kisha akamkumbatia mama mkwe hadi kilemba kikaanguka. Nilipiga makofi, ni mtoto mzuri. Ila nilikaa nikingoja aseme yule mama alifanya nini, na keki ikakatwa kabla hajasema.

Niliporudi nyumbani nilizunguka nyuma ya jiko, ambako nimebakiza migomba michache. Mama hayupo, Anselme hayupo, na dada yangu alimfuata. Nilitazama kwanza kama wajukuu hawanioni, wasije wakanicheka.

“Migomba,” nikasema, “muwaambie nimewakumbuka.”