Mwalimu Swaumu na Sura ya Saba

Mwaka ule wa unga wa yanga, unga wa njano wa msaada, mswada wa Mwalimu Swaumu Abbasi ulirudishwa kutoka kiwanda cha uchapaji. Hakushangaa. Alikuwa amechoka hata kushangaa.

Alifundisha darasa la nne katika shule moja ya mjini Tabora. Ndoa yake ilikuwa imevunjika zamani, na sasa aliishi mtaa wa Gongoni na mama yake, Bi Tatu, ambaye miguu ilivimba hata hatoki nje bila kushikwa mkono. Asubuhi Swaumu alikuwa shuleni, mchana kwenye foleni ya sukari au sabuni, jioni akimkanda mama miguu kwa maji ya moto. Kuandika kulipata saa ileile moja baada ya alasiri, pale barazani, mama akisinzia upande wa pili wa ukuta. Kwa saa hiyo moja moja alikuwa ameandika riwaya nzima.

Ilimhusu kijana aitwaye Limbu, katibu wa kijiji cha Ujamaa huko Unyamwezi. Mahindi ya kijiji yanapungua ghalani kidogo kidogo, na Limbu anaapa kumkamata mwizi. Anamwaga majivu sakafuni apate nyayo. Anabadilisha kufuli. Anaweka mlinzi. Mwisho wa kitabu anamnasa mtunza ghala, watu wanashangilia, kazi inaendelea.

Mhariri alikuwa Ndugu Alois, mtu mrefu, mpole, miwani yake imeshikizwa kwa plasta. Kiwanda kilikuwa nje ya mji, upande wa Kipalapala, na Swaumu alifika huko akiwa juu ya lori la kuni, vumbi mpaka kwenye kope. Alois alimpa maji kwanza. Kisha akamwambia kwamba mwanzo ni mzuri na mwisho si mbaya, ila msomaji akifika katikati anachoka.

Swaumu akauliza kama apunguze maneno. Alois akatikisa kichwa.

"Si urefu, Mwalimu. Limbu katika sura ya kumi anajua kilekile alichokijua katika sura ya pili: kuna mwizi. Anakosa mtego huu, anatega mwingine. Hajagundua hata mara moja kwamba yeye mwenyewe alielewa vibaya."

Maneno hayo Swaumu aliyachukua mpaka nyumbani, na kwa kuwa hakuyaelewa sawasawa, aliyatii kwa namna aliyoiweza. Kitabu kilikuwa na sura kumi na nne, basi katika ya saba akatia moto. Ghala likaungua nusu, Limbu akaokoa magunia, akaungua mkono. Aliiandika kwa bidii na aliipenda.

Aliyeipiga taipu ni Nargis, binti wa Tajdin, Mhindi mwenye duka la daftari na kalamu. Walikuwa wamesoma pamoja wakiwa wadogo, na Nargis alikuwa na mashine ya duka, akipiga kurasa za Swaumu wateja wanapokosekana. Siku hizo walikosekana sana, maana rafu zenyewe zilikuwa tupu. Hakuwa na kawaida ya kusema lolote juu ya hadithi. Aliuliza tu pale mwandiko ulipomshinda.

Alois aliusoma moto ule na kuurudisha. Alisema moto umempa Limbu kazi, haujampa wazo. Kesho yake bado anamtafuta mwizi yuleyule, tofauti ni kwamba sasa ananuka moshi.

Hapo Swaumu alikasirika kidogo, kadiri nguvu zilivyomruhusu. Kama tatizo ni kuelewa vibaya, alijiambia, basi Limbu amshuku asiyehusika. Akaandika upya: katikati ya kitabu Limbu anagundua kwamba mtunza ghala hana hatia, na mwizi halisi ni mfanyabiashara wa mjini, Ratilal, anayenunua mahindi ya wizi na kuyaficha. Ilikuwa rahisi kuandika. Magazeti yalijaa walanguzi, na hakuna ambaye angeuliza kwa nini mlanguzi ni Mhindi.

Nargis aliipiga yote, safi, bila kosa. Alipokuwa akizipanga kurasa na karatasi za kaboni, akasema bila kumtazama, "Hii nimeipiga mara tatu sasa, dada. Mara zote nilimjua mwizi kabla ya Limbu. Na huyu wa leo nilimjua nilipoliona jina lake tu."

Swaumu alizichukua kurasa, akaaga, akapita njia ya nyuma ya soko ili asikutane na mtu. Aibu ilimkaa kifuani siku nyingi. Ule mswada hakuupeleka Kipalapala. Alijua Alois angesema nini: jina la mwizi limebadilika, lakini swali ni lilelile. Nani anaiba? Limbu alikuwa bado anauliza nani.

Kisha mama akazidiwa. Miguu ikapasuka, homa ikapanda, na kwa muda wa masika yote Swaumu hakuandika neno. Alifundisha, alipanga foleni, alifua mashuka. Kitabu kilikaa chini ya kitanda, na kusema kweli alijisikia nafuu kwamba kiko huko. Alikwishaanza kuwaambia walimu wenzake kwamba ilikuwa mchezo tu.

Mvua zilipokatika, mama akaweza kuketi tena barazani. Siku moja alimuuliza yule kijana wa ghala aliishia wapi, maana Swaumu alikuwa akimsomea. Swaumu akamwambia ameishia njiani, hamkamati mtu. Mama akasema basi na amkamate tu, wapumzike.

Kwa uchovu, wala si kwa werevu, Swaumu alifanya hivyo. Aliamua kumwacha Limbu afanikiwe palepale katikati. Mtego wa sura ya saba usikosee: Limbu ajifiche nyuma ya magunia, mlango ufunguke, mtu aingie. Na Swaumu asiamue mapema ni nani. Akaweka kalamu, akawapitia watu wake mmoja mmoja, kama mwalimu anavyoita majina asubuhi. Nani hasa, katika kijiji kile alichokitunga mwenyewe, angekuja kuchukua mahindi?

Akarudi nyuma kusoma sura za mwanzo, na humo akakuta mambo aliyoyaandika bila kuyafikiria. Posho ya kijiji alikuwa ameiandika ndogo, isiyotosha. Lakini katika sura ya nne watoto wanacheza kwa nguvu, hakuna aliyelegea. Limbu anapotangaza kuweka mlinzi, wanawake wanainamisha macho. Swaumu alikuwa ameiita heshima. Majivu ya sakafuni yanakutwa yamefagiwa. Mwizi gani anakuja na ufagio? Na katika sura ya pili Limbu anasimama mbele ya wageni kutoka wilayani na kutangaza kwa majivuno kwamba kijiji chake kimeshiba na kina ziada. Hotuba ile Swaumu aliitia kuonyesha tu kwamba Limbu ni kijana mwenye ari.

Swaumu akaandika mlango unafunguka, na anayeingia ni mama yake Limbu, na kikapu. Nyuma yake jirani. Nyuma ya jirani, mke wa mwenyekiti. Na aliyeshika ufunguo, akiwahesabia kila mmoja sawa na mwenzake, ni mtunza ghala.

Limbu anatoka mafichoni. Anamuuliza mama yake kama ndiye mwizi.

"Mahindi haya niliyalima," mama anamjibu. "Wewe ulisimama ukawaambia wageni tunayo ya ziada. Siku watakapokuja kuichukua hiyo ziada, ghala litakuwa tupu, nasi tutakuwa nayo kwenye vihenge vyetu. Kufuli lako ndilo linalotunyima usingizi."

Swaumu aliacha hapo. Alielewa sasa alichokuwa akiambiwa muda wote. Hakuna kilichoandikwa nyuma kilichokuwa uongo. Mahindi yalipungua kweli, majivu yalifagiwa kweli, wanawake waliinamisha macho kweli. Mambo yaleyale, yakisomwa tena, yalisema jambo jingine. Na Limbu hakuangukiwa na bahati mbaya kutoka nje. Mtego wake mwenyewe ulifanya kazi, ukamwonyesha kwamba tatizo alilianzisha yeye. Kuanzia ukurasa ule hawezi tena kuuliza nani anaiba. Lazima aulize atawaambia nini wale wa wilayani.

Hakushangilia. Alikuwa ameshaona hasara. Nusu ya kwanza ilihitaji kuguswa mahali pachache tu, lakini sura zote za nyuma, kumsaka mtunza ghala, kumnasa, watu kupiga vigelegele, hazikuwa na kazi tena. Mtu aliyeelewa alichoelewa Limbu asingefanya hata moja kati ya hayo. Alizitoa, akaziweka kando, akaenda kuchemsha maji ya miguu ya mama.

Kuziandika upya kulichukua mpaka kiangazi kingine. Ratilal hakuwamo. Swaumu alipompelekea Nargis kurasa hizo alitaka kusema kitu juu ya jambo hilo, na Nargis akamkatiza kwa upole, akamwambia ameshaona. Alipofika kwenye sura ya saba aliacha kupiga, akazishika kurasa mkononi, akasoma mpaka mwisho wake, mashine imenyamaza. Kisha akatia karatasi nyingine.

Alois naye alisoma. Safari hii alikuja mwenyewe Gongoni kwa baiskeli, akamwamkia Bi Tatu shikamoo, akaketi. Alisema sasa ni kitabu. Halafu akavua miwani, akaifuta.

"Ule wa kwanza ningeuchapa bila kuulizwa na mtu," akasema. "Mwizi akikamatwa kila mtu anafurahi. Huu, katibu wa kijiji amedanganya, na wananchi wanaficha chakula. Wataniuliza, Mwalimu. Na wewe watakuuliza." Akamuuliza kama mtunza ghala hawezi kurudi kuwa mwizi mdogo, hata mwishoni tu, ili kuwe na mtu wa kulaumiwa.

Swaumu alifikiri kweli. Alikuwa na mshahara mmoja na mama mgonjwa. Akamjibu kwamba akimrudisha mwizi, Limbu atakuwa amesahau aliyoyaona, na yeye hana nguvu za kumsahaulisha.

Alois aliuchukua mswada vilevile. Kwanza karatasi zilikosekana, kisha wakubwa wake wakasita, kisha karatasi zikakosekana tena. Bi Tatu alifariki katika kungoja huko. Nargis alihamia Dar es Salaam na jamaa zake, na duka likawa la mtu mwingine. Kitabu kilitoka baada ya miaka, chembamba, karatasi yake ya kijivu. Wenye kuuliza waliuliza kidogo tu. Pengine walichelewa kukisoma, pengine wakati ulikwishapita.

Kifurushi cha nakala kilimfikia Swaumu shuleni, kipindi cha hesabu. Alifungua nakala moja, akatafuta sura ya saba, akasoma mpaka pale mlango unapofunguka. Hapo kengele ikalia. Akaifunga, akaziingiza zote kwenye droo ya meza, akawaambia watoto watoe madaftari ya Kiswahili.